Linki ya kuingia inasema imeshatumika na mi sijaigusa

*Kaka, mi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku Mbale, ndo naweka bei na matangazo kwenye tovuti yetu, ni ya Drupal. Nimesahau paswedi. Jumamosi jioni niliomba linki, Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nikaibofya ikakataa. Fundi wetu akatengeneza nyingine saa nne, akanitumia WhatsApp, nikaibofya hapo hapo nayo ikasema imeshatumika. Nani kaitumia? Tumeingiliwa? Nifanyeje? Linki zenyewe hizi, mwisho nimeficha:*

```
https://example.org/user/reset/14/1717855327/...
https://example.org/user/reset/14/1718002913/.../login
```

Dada, ondoa hofu kwanza, kwa ninavyoona hakuna aliyewaingilia. Linki zako mbili zimekufa kwa sababu mbili tofauti kabisa, ya kwanza imekufa kwa muda na ya pili imeuawa na WhatsApp, tena kwenye simu ya fundi mwenyewe, kabla hata ujumbe haujakufikia. Na vizuri sana umeficha ule mwisho, maana mtu mwenye linki nzima haulizwi jina wala paswedi, anaingia tu.

Sasa hiyo linki tuisome, kwa sababu ukishajua kuisoma utajua mwenyewe imekataa kwa nini bila kumngoja fundi. Baada ya `/user/reset/` kuna vipande vitatu. Cha kwanza, 14, ni namba ya akaunti yako. Cha pili, ile namba ndefu ya tarakimu 10, ni saa ambayo linki ilitengenezwa, imehesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ndo kompyuta nyingi zinavyohesabu muda. Cha tatu, ule uliouficha, ndo mkia wenye kazi yote, herufi na namba zimechanganyika, na kwenye Drupal za kisasa mkia huo una herufi 43 kwa jumla.

Ile namba ya saa haina siri yoyote, kwenye kompyuta ya Linux ukiandika hivi inakwambia:

```
date -d @1717855327
date -d @1718002913
```

Kwa saa zetu za hapa, ya kwanza ni Jumamosi 8 Juni 2024 saa kumi na moja na dakika mbili jioni, ya pili ni Jumatatu 10 Juni saa nne na dakika moja asubuhi. Inakubaliana na ulivyosema.

Watu wengi wanadhani seva ina daftari mahali fulani limeandikwa "linki hii nimempa karani", alafu ikishatumika wanaipiga mstari. Kwenye Drupal hakuna daftari la hivyo. Linki haihifadhiwi popote. Seva inapoitengeneza inachukua ile saa, inachukua muda ulioingia mara ya mwisho kwenye tovuti, namba ya akaunti yako na imeli yako, inavichanganya kwa kutumia siri mbili, moja ni siri ya tovuti nzima inayokaa kwenye faili la `settings.php` na nyingine ni paswedi yako ya sasa jinsi ilivyohifadhiwa ikiwa imesimbwa, na kinachotoka hapo ndo ule mkia. Ukibofya linki seva inarudia hesabu ileile upya kwa kutumia taarifa zilizopo wakati huo, ikipata mkia uleule unapita, ikipata tofauti hata kwa herufi moja unakataliwa. Chukulia barua ya mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, ambayo muhuri wake umepigwa juu ya maandishi yenyewe, ukibadilisha tarehe muhuri haulingani tena na karatasi, kwa hiyo hata mtu akisema ngoja nijiongezee siku kwa kubadilisha ile namba ya tarakimu 10, hafiki popote.

Kutokana na hesabu hiyo unaelewa mambo mengi kwa mpigo. Ukiingia kwenye tovuti, muda wako wa mwisho wa kuingia unabadilika, hesabu inatoa mkia mwingine, linki inakufa, ndo maana inaitwa ya mara moja. Ukibadilisha paswedi, inakufa. Ukibadilisha imeli kwenye akaunti, inakufa. Fundi akihamisha tovuti kwenda seva nyingine na ile siri ya `settings.php` ikabadilika, linki zote za watu wote zilizokuwa njiani zinakufa siku hiyohiyo na hakuna atakayeelewa kwa nini.

Tuanze na ile ya Jumamosi. Drupal ikisakinishwa bila kuguswa mipangilio yake inakupa sekunde 86400, yaani saa 24, na saa inaanza kuhesabiwa pale linki inapotengenezwa, siyo pale imeli inapokufikia wala unapoifungua. Watu wengi wanakosea hapo. Yako ilikufa Jumapili saa kumi na moja jioni, ile Jumapili ya sikukuu yetu ya Mashujaa hapa Uganda ambayo bila shaka hakuna aliyekuwa anafikiria tovuti, na wewe umeifungua Jumatatu saa mbili na nusu, zimeshapita saa 39 na zaidi. Nina uhakika skrini ilikuandikia hivi:

```
You have tried to use a one-time login link that has expired.
```

Na ile ya fundi ikakuandikia hivi:

```
You have tried to use a one-time login link that has either been
used or is no longer valid.
```

Sentensi hizo mbili zinafanana mno na mtu mwenye haraka anaziona moja, lakini ndo kipimo chenyewe. Ukiona `expired`, ni muda tu, hakuna la kuchunguza, omba nyingine. Ukiona `either been used or is no longer valid`, maana yake muda bado upo ila hesabu ya mkia imetoa jibu lingine, kwa hiyo ama kuna mtu au kitu kimeingia kwa akaunti hiyo baada ya linki kutengenezwa, ama paswedi au imeli imebadilishwa, ama linki yenyewe imefika ikiwa imekatika.

Umeuliza nani kaitumia lakini hukuuliza kwa nini waweke muda, ila najua fundi wako akiona malalamiko atataka kuongeza siku, kwa hiyo niseme kidogo. Linki hiyo inakaa kwenye sanduku la imeli, na sanduku la imeli ndo mahali pabovu zaidi kwa kitu cha aina hiyo. Imeli ya chama huwa iko wazi kwenye kompyuta ya ofisi siku nzima, mwenyekiti ana paswedi yake, mweka hazina anayo, kuna simu ya zamani iliuzwa bila kufutwa akaunti, na mwingine alifungua Gmail kwenye kafe mjini akaondoka bila kutoka. Alafu linki inabaki pia kwenye historia ya browza na kwenye logi za seva. Linki isiyo na mwisho kwenye mazingira hayo inakuwa ufunguo unaozagaa miaka na miaka, na mtu akiupata hahitaji ujuzi wowote, anabofya. Muda wa mwisho haumzuii mwizi aliyeko kwenye imeli yako sasa hivi, huyo anaweza kujiombea linki yake mwenyewe, unachozuia ni mabaki ya zamani. Kwa hiyo saa 24 mi naona zinatosha kwa chama kama chenu, ofisi za benki na mifumo ya pesa huwa zinataka dakika chache tu, ila kwenu ambako imeli inaweza kuchelewa na karani anafungua simu akishapata bando, kushusha chini ya saa moja ni kujitafutia kelele. Fundi akitaka kubadilisha ni mstari mmoja wa drush, ile programu ya kuipa Drupal amri kutoka kwenye seva, namba ni sekunde:

```
drush config:set user.settings password_reset_timeout 43200
```

Hiyo ni saa 12. Kuongeza kuwa siku saba kwa sababu watu wanachelewa kufungua imeli, hapana, siungi mkono, kuomba linki nyingine kunachukua nusu dakika.

Haya, sasa ile ya pili ambayo ndo tamu. Angalia mwisho wake, ina neno `/login` ambalo ile ya kwanza haina. Linki unayoomba mwenyewe kwenye tovuti inaishia kwenye mkia, na ukiibofya haikuingizi moja kwa moja, inakuletea ukurasa wenye kitufe kimoja kimeandikwa `Log in`, na mpaka ubonyeze kitufe ndo linki inahesabika imetumika. Kile kitufe wengi wanakiona usumbufu, kumbe ndo kinga yenyewe, kwa sababu siku hizi linki zinafunguliwa na mashine nyingi kabla ya binadamu. Kuna mifumo ya imeli za ofisi inayofungua kila linki kukagua kama ina virusi, kuna programu za chati zinazofungua linki ili zikuonyeshe picha na kichwa cha habari. Mashine hizo zinafungua ukurasa, zinasoma, zinaondoka, hazibonyezi kitufe, kwa hiyo linki inabaki nzima.

Fundi wako hakuomba linki kwenye tovuti. Yeye aliingia kwenye seva akaandika amri ya `drush uli`, na amri hiyo inaongeza `/login` mwishoni makusudi ili fundi aruke kile kitufe, maana imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeinakili na kuibandika mwenyewe kwenye browza yake palepale. Linki ya hivyo ikifunguliwa tu, imeshaingia. Sasa fundi akainakili akaibandika kwenye chati ya WhatsApp, na WhatsApp ikiona linki kwenye sehemu ya kuandikia inaifungua kimyakimya kutoka upande wa anayetuma ili itengeneze kile kisanduku chenye jina la tovuti. Kwa sekunde hiyo WhatsApp ikaingia kwenye tovuti yenu kama wewe, akaunti namba 14, seva ikaandika muda mpya wa kuingia, mkia ukaacha kulingana, WhatsApp ikaondoka zake na kuutupa ule ufunguo iliopewa. Wewe unabofya baada ya dakika moja, hesabu inatoa mkia mwingine, unaambiwa imeshatumika. Na ni kweli imetumika, seva haijadanganya.

Usinikubalie kwa maneno tu, fundi anaweza kuthibitisha. Drupal inaandika kila linki ya hivi inapotumika, akienda kwenye `/admin/reports/dblog`, kama moduli ya Database Logging imewashwa, atakuta mstari wa aina hii, jina litakuwa la akaunti yako:

```
User karani used one-time login link at time 1718002913.
```

Aangalie saa ya mstari huo, kisha aubofye aone na anwani ya IP kwenye `Hostname`. Kisha aende kwenye logi ya seva ya wavuti atafute akaunti yako:

```
grep "/user/reset/14/" access.log
```

Ategemee kuona mistari miwili ya linki hiyohiyo. Wa kwanza, saa nne na dakika moja au mbili, mwisho wake pale inapotajwa browza ataona neno `WhatsApp` likifuatiwa na namba ya toleo. Wa pili, baada yake kidogo, ni wewe, umeandikwa Chrome au browza yoyote unayotumia. Mstari wa WhatsApp ukiwa juu ya wako basi kesi imekwisha. Ila kama ule wa kwanza unaonyesha browza ya kawaida na IP ambayo siyo ya fundi wala yako, hapo sasa ndo tuanze kuzungumza habari ya kuingiliwa, na cha kwanza siku hiyo ni kubadilisha paswedi ya imeli yenyewe, siyo ya tovuti, maana anayesoma imeli yako ataendelea kujiombea linki kila siku.

Dawa kwa upande wa fundi ni ndogo mpaka inachekesha. Kabla ya kuibandika popote afute `/login` mwishoni. Mkia ni uleule, linki inafanya kazi vilevile, tofauti ni kwamba wewe utaona kile kitufe cha `Log in` na WhatsApp ikichungulia itaishia mlangoni. Na aitengeneze hivi, kwa anwani kamili ya tovuti yenu na namba ya akaunti yako:

```
drush uli --uid=14 --uri=https://example.org
```

Ile `--uri` asiposema, mara nyingi linki inatoka inaanza na `http://default/` na haifunguki kwa mtu yeyote. Na ile `--uid` asiposema, hapa naomba msikilize kwa makini, drush inatengeneza linki ya akaunti namba 1, ambayo kwenye Drupal kwa kawaida ndo akaunti ya mkubwa wa tovuti nzima, haizuiwi na ruhusa yoyote. Nimeona watu wanarushiana linki za `/user/reset/1/` kwenye grupu za kazi zenye watu wengi bila kujua wanarusha nini. Kwa hiyo dada, hata wewe usiye fundi, ukitumiwa linki angalia ile namba ya kwanza, ikiwa siyo yako usiifungue, mwambie aliyetuma. Na itumwe kwako peke yako, siyo kwenye grupu la chama, yeyote atakayebofya wa kwanza ndo anakuwa karani.

Sasa wewe leo fanya hivi. Usiombe linki kama uko njiani au bando linakaribia kuisha, kaa mahali utakapomaliza kazi yote kwa mkupuo. Kama unatumia kompyuta ya ofisi, hakikisha mwenzako hajabaki ameingia kwenye tovuti kwa browza hiyohiyo, maana Drupal ikikuta mtu mwingine yuko ndani inakataa linki yako na kukwambia `Another user` yuko ndani, mtoe kwanza kisha ubofye tena, linki inakuwa bado haijaharibika. Nenda `/user/password`, andika imeli yako, bonyeza mara moja tu. Tovuti itakwambia kwamba kama akaunti ipo imeli itatumwa, na itakwambia hivyohivyo hata ukiandika imeli isiyokuwepo kabisa, hawataki mtu baki atumie ukurasa huo kujua nani ana akaunti na nani hana. Kwa hiyo jibu hilo lisikufanye uamini imeli imetoka, linaweza kuwa linakwambia hivyo huku umekosea herufi moja.

Alafu subiri, na hapa najua ndo pagumu. Mtu akiona dakika tano hakuna kitu anabonyeza tena, na tena, na tena. Kwenye Drupal za miaka ya karibuni kuna kizuizi, maombi 5 kwa akaunti moja ndani ya saa 6, ukizidisha hapo seva inaacha kutuma na wala haikwambii, ule ujumbe wa kwamba imeli itatumwa unaendelea kutoka kama kawaida. Mtu anakaa mchana kutwa anailaumu Gmail au mtandao wa simu kumbe amejifungia mwenyewe. Kama imeli haijaingia baada ya robo saa angalia kwenye spamu, ikikosekana huko omba mara moja zaidi, ikikosekana tena achana nayo umwite fundi, tatizo siyo wewe.

Jambo moja zuri ni kwamba kwa sababu Drupal haina daftari, ukiwa umeomba tatu zikafika zote kwa pamoja, hujaharibu kitu, zote ziko hai mpaka utumie mojawapo au saa 24 zipite. Ila tabia hii usiihamishie kwenye tovuti nyingine. WordPress inahifadhi ufunguo mmoja tu kwa kila akaunti, ukiomba upya unafuta wa zamani, kwa hiyo kule mtu akiomba mara tatu alafu akabofya imeli ya kwanza kufika anakataliwa wakati mbili za nyuma yake hazijafika, inabidi uchukue ile ya mwisho kabisa. Na muda unatofautiana, WordPress ni siku moja, tovuti za Django zinakuja na siku 3, za Laravel zinakuja na dakika 60, na mwenye tovuti anaweza kubadilisha.

Ukishafungua imeli, bofya, utaona ukurasa wenye kitufe, bonyeza `Log in`. Kama imekataa na neno siyo `expired`, na una hakika hakuna aliyetangulia, kagua kama linki imekatika. Imeli nyingine zikipelekwa mbele au kunakiliwa kwa kidole kwenye simu zinaacha nusu ya mkia kwenye mstari wa pili. Linki nzima ya imeli haina nafasi katikati na baada ya mkwaju wa mwisho kuna zile herufi 43 nilizokutajia, ukihesabu ukapata 30 na kitu umepata jibu, nakili upya kutoka kwenye imeli ya asili.

Umeingia, usianze kuweka bei za kahawa. Nakusihi. Ukurasa unaokuja ni wa akaunti yako wenye nafasi ya kuandika paswedi mpya mara mbili, na kwenye anwani juu utaona maneno `pass-reset-token`. Hicho ndo kibali cha kubadilisha paswedi bila kuulizwa ya zamani, na kinakwenda na ukurasa huo. Ukiuacha ukaenda kutangaza bei, ukirudi baadaye kupitia menyu ya akaunti utakuta fomu inadai paswedi ya sasa, ambayo ndo hiyo uliyosahau, na linki nayo imeshatumika. Hapo mtu anaapa kwamba linki hazifanyi kazi, kumbe ilifanya kazi na yeye akapita. Ikikutokea hivyo toka kabisa kwenye tovuti, omba linki nyingine, na safari hii andika paswedi, ihifadhi, ndo uendelee.

Lipo jingine moja la kumwambia fundi, kwa sababu vyama vingi vina akaunti nyingi za wajumbe. Ule muda wa saa 24 haumhusu mtu ambaye hajawahi kuingia hata mara moja. Drupal imeandikwa hivyo makusudi, mtu mpya akifunguliwa akaunti anaweza kuchelewa kusoma imeli ya kukaribishwa, kwa hiyo linki yake ya kwanza haifi kwa muda. Sasa kama mlifungulia akaunti wajumbe wote wa bodi na nusu yao hawakuwahi kuingia, zile linki za kukaribishwa zimelala kwenye imeli zao na zinafanya kazi mpaka leo, hata za wale waliomaliza kipindi chao. Aende `/admin/people`, safu ya `Last access` ikisema `never` na mtu hana kazi na tovuti, akaunti ifungwe kwa kuwekwa `Blocked`. Ambaye bado ni mjumbe abadilishiwe paswedi na fundi kwa neno lolote refu, linki ya zamani inakufa palepale kwa ile hesabu niliyokueleza, kisha akiwa tayari ataomba yake.

Na kama imeli iliyoko kwenye akaunti yako ni ya zamani ambayo huna tena, usihangaike na linki kabisa, hazitakufikia. Fundi afungue `/user/14/edit`, aweke imeli unayotumia sasa, ahifadhi, na baada ya hapo ndo atengeneze linki. Akitengeneza kwanza alafu akabadilisha imeli, atakuwa ameiua kwa mkono wake na mtarudi palepale pa `either been used or is no longer valid`.